Kadi ya GB 128 inaomba kufomatiwa baada ya dote, foto zimo ndani (Bukavu)

FotoBagira
Jambo wote. Naomba mnishauri kabla sijagusa kitu. Jumamosi nilipiga foto na video za dote huku Bagira, kuanzia asubuhi familia ya kijana ilipofika na mbuzi zao hadi usiku. Kamera iliandika siku nzima bila kulalamika. Usiku, katikati ya video ya keki, betri iliisha. Nikaweka betri nyingine, na kuwasha tu, kamera ikasema kadi haisomeki.

Kwenye ordinateri inakuja hii:

`Vous devez formater le disque dans le lecteur E: avant de pouvoir l'utiliser.`

Kadi ni maikro SD ya GB 128 ndani ya adapta, mpya, niliinunua kwenye butiki moja huku mjini. Niliitumia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sijafomati na sitafomati mpaka mtu anayejua aniambie. Ile familia inangoja foto zao, na mama wa binti amenipigia simu tayari. Nianzie wapi?

Kaka_Essence
Pole sana ndugu. Usiogope, hii ni kitu kidogo. Ile ordinateri inaomba kufomati, wewe kubali, lakini chagua ile ya haraka, isiwe ile ndefu. Fomati ya haraka haifuti foto, inafuta tu orodha ya majina. Kisha unaweka Recuva, inatafuta, foto zote zinarudi. Mimi nimefanya hivyo kwa flashi ya shangazi na ilikuwa sawa.

Mwalimu_Panzi
Kabla ya yote jaribu lekteri nyingine. Mimi nilikuwa na lekteri ya zamani ya USB, kila kadi ya GB 64 niliyoweka ilikuwa inaomba kufomatiwa, lakini za GB 32 zilikuwa zinafunguka vizuri. Kumbe lekteri yenyewe ilitengenezwa kabla ya kadi kubwa kutoka. Angalia juu ya kadi: kama imeandikwa SDXC, lekteri pia inapaswa kujua SDXC. Adapta nazo zinachoka, vile vyuma vyake vinalegea. Badilisha adapta, futa vyuma vya kadi kwa kitambaa kikavu, jaribu tena.

Fundi_Nguba
Mwalimu amesema sawa, na lekteri ndiyo inapaswa kuwa ya kwanza kwa sababu haina gharama na haiharibu kitu. Ila ndugu FotoBagira, kabla ya kuitia kwenye lekteri yoyote, sogeza kile kitufe kidogo cha ubavuni mwa adapta upande wa kufunga. Lekteri nyingi zikikiona zinakataza Windows kuandika kwenye kadi. Si zote zinaheshimu, lakini inapunguza hatari.

Ndugu Kaka_Essence, ulichosema kuhusu fomati ya haraka ni kweli kwa kadi nzima iliyofanywa vizuri. Hapa bado hatujui kama hii kadi ni nzima. Nisingemruhusu afomati kabla ya kujua, na sababu nitaieleza baada ya kupata majibu yake.

FotoBagira, nijibu mambo matatu. Ulijaribu lekteri ngapi? Ukiiweka, kompyuta inasema kadi ina ukubwa gani? Na siku ile uliandika kiasi gani, kwa kukadiria?

FotoBagira
Asante fundi. Nimejaribu lekteri ya ordinateri yangu, ya rafiki ambayo ni mpya ya USB, na simu ya mdogo wangu. Adapta nimebadilisha. Zote zinaomba kufomati. Ukubwa inaonyesha GB 119. Siku ile foto zilikuwa kama elfu moja na mia mbili, na video nyingi fupi fupi. Nadhani GB 22 au 23 kwa jumla, juu ya kamera ilikuwa inaonyesha nafasi iliyobaki.

Mama_Furaha
Mimi naye kadi ya simu yangu inaomba kufomatiwa nikiiweka kwenye ordinateri ya ofisi, lakini kwenye simu inafunguka vizuri kabisa, naona foto zote za watoto. Je, nayo inakufa? Niihamishe foto namna gani? Fundi unisaidie mimi pia.

Dada_Zawadi
GB 119 badala ya 128, si hapo hapo mnaona ni ya uongo? Wamemwibia GB 9. Yangu ya 64 nayo inaonyesha 59, wauzaji wa hapa wote ni wale wale.

Butiki_Kadutu
Dada Zawadi, hapo unatuonea. Watengenezaji wanahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ila kompyuta inagawanya kwa 1,073,741,824. Chukua bilioni 128 ugawanye kwa namba hiyo, unapata 119. Bilioni 64 inakupa 59 na kitu. Kadi yako inaweza kuwa nzuri kabisa. Kadi ya uongo haionyeshi upungufu wowote, inaonyesha namba ya kupendeza kabisa. Mimi nauza hizi vitu, nimerudishiwa nyingi, ndiyo maana najua.

Fundi_Nguba
Butiki_Kadutu ameeleza vizuri. Namba inayoonyeshwa haituambii chochote, kwa sababu namba hiyo inatoka kwenye kontrola, ile sehemu ya kadi inayojibu maswali ya kompyuta. Wanaotengeneza kadi za uongo wanaiandika upya kontrola iseme 128 wakati chipu iliyo ndani ni ya 8 au 16. Kompyuta inaamini, kamera inaamini, fomati inapita.

Mama Furaha, yako si ugonjwa huu. Inaonekana siku ulipoiweka kwenye simu, simu ilikuuliza kama kadi itumike kuwa sehemu ya kumbukumbu ya simu yenyewe, ukakubali. Android inafanya hivyo tangu toleo la 6, la mwaka 2015. Kadi inafungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu ile moja tu, ndiyo maana kompyuta inaona takataka na kuomba kufomati. Usiitoe ovyo, na usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu ufunguo ukifutika hakuna fundi wa kuifungua. Unganisha simu kwenye kompyuta kwa waya, kadi ikiwa ndani ya simu, ukopi foto kupitia hapo.

Sasa kwa FotoBagira. Lekteri tumeziondoa kwenye lawama, zote tatu zinasema jambo moja. Kontrola iko hai, maana inajibu ukubwa. Ingekuwa imekufa ungeona GB 0, au lekteri ingesema hakuna kadi. Kinachonishtua ni vitu viwili pamoja: kadi ni mpya, na umeandika GB 22 kwa siku moja. Kamera nayo ilifanya kazi mpaka betri ilipoisha. Nina wazo, lakini nataka tulipime kwa kusoma tu, bila kuandika hata baiti moja kwenye kadi.

Kijana_wa_Birere
Niko Goma. Mimi ningeanza na chkdsk. Unafungua ule mstari wa amri unaandika `chkdsk E: /f` na inatengeneza yote. Kaka yangu alifanya, kadi ikafunguka.

Fundi_Nguba
Hapana ndugu, hiyo usimpe mtu mwenye foto anazozihitaji. chkdsk inatengeneza orodha ya faili ili diski ifunguke, haiangalii kama foto zako zinabaki. Ikikuta kipande isichokielewa, inakiita `FILE0000.CHK` au inakiachilia kabisa. Na inaandika juu ya kadi hiyo hiyo unayotaka kuiokoa. Inafaa kwa flashi ambayo tayari una nakala yake.

FotoBagira, una flashi nyingine ya GB 2 au zaidi? Iweke SystemRescue, uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Hapo Windows haiguswi, na vifaa vyote tunavyohitaji vimo. Kisha weka kadi, andika `lsblk`, tafuta ile yenye 119G. Kwenye lekteri ya USB itaitwa kitu kama sdb, kwenye lekteri ya ndani ya kompyuta inaweza kuitwa mmcblk0. Hakikisha jina kabla ya kuendelea. Halafu soma megabaiti 64 za mwanzo, na megabaiti 64 zinazoanza GB 8 mbele, na zinazoanza GB 16 mbele:

```
dd if=/dev/sdb bs=1M count=64 | md5sum
dd if=/dev/sdb bs=1M count=64 skip=8192 | md5sum
dd if=/dev/sdb bs=1M count=64 skip=16384 | md5sum
```

Kila mstari utakupa herufi na namba ndefu, ni kama alama ya kidole ya data iliyosomwa: data ikiwa ile ile, nazo ni zile zile. Niletee zote tatu.

FotoBagira
Nimefanya, ila umeme ulikatika nikarudia. Sikuandika zote hapa kwa urefu. Ya kwanza inaanza na 9c41, ya pili inaanza na e07b, ya tatu inaanza na 9c41. Nimezilinganisha ya kwanza na ya tatu herufi kwa herufi, ni sawa kabisa mpaka mwisho. Hii ina maana gani?

Fundi_Nguba
Pole ndugu yangu. Maana yake ni kwamba kadi hii ina GB 16 tu ndani.

Megabaiti 64 za foto haziwezi kufanana sehemu mbili tofauti mpaka baiti ya mwisho. Ukiomba kusoma kilicho GB 16 mbele, kadi inakupa kilicho mwanzo. Nimekuambia uanze na 8 kwa makusudi: kama chipu ingekuwa ya GB 8, hiyo ya pili nayo ingefanana. Lingekuwepo shaka kama mwanzo wa kadi ungekuwa sifuri tupu, kwa sababu sifuri zinafanana popote, lakini wewe mwanzo wako umejaa data.

Fikirieni daftari la kurasa 16 ambalo juu ya jalada limeandikwa kurasa 128. Ukimaliza ukurasa wa 16, wa 17 unauandika juu ya ule wa kwanza, bila kufuta kwa raba. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi. Ulipovuka GB 16, kamera iliendelea kuandika, na kadi ikaweka foto hizo mwanzoni, pale ambapo kuna jedwali la mfumo wa faili na foto za asubuhi. Kamera haikujua, kwa sababu jedwali lilikuwa bado kwenye kumbukumbu yake. Ulipobadilisha betri ililazimika kulisoma upya kutoka kwenye kadi, ikakuta kipande cha foto mahali pa jedwali. Kwa hiyo betri haikuharibu kitu, ilifichua tu.

Sasa mnaelewa kwa nini sikutaka fomati ya haraka. Fomati inaandika jedwali jipya mwanzoni, na hapa mwanzoni ndipo zilipo foto za alasiri. Zingepotea chache. Lakini ile fomati ndefu ya Windows inaandika sifuri kadi nzima, yaani ingezunguka GB 16 zile zile mara nane. Isingebaki hata moja.

Kaka_Essence
Nimeelewa sasa, fundi. Kwa flashi ya shangazi ilikuwa flashi nzuri tu iliyochomolewa vibaya. Lakini basi atumie TestDisk, ninasikia inarudisha jedwali la zamani kutoka kwenye nakala yake.

Fundi_Nguba
Kwa kadi nyingine ningesema ndiyo. FAT32 inaweka nakala ya sekta ya kwanza kwenye sekta ya 6, exFAT inaweka kwenye sekta ya 12, na TestDisk inaweza kuirudisha kwa dakika moja. Lakini sekta ya 12 iko hatua chache tu kutoka sekta ya kwanza. Foto iliyokuja ikafunika ya kwanza ilifunika na nakala yake. Kwa hiyo majina ya faili na folda hayarudi. Tutatafuta foto zenyewe, kila moja kwa alama ya mwanzo wake, na hiyo ni kazi ya PhotoRec.

FotoBagira, nafasi unayo kiasi gani kwenye ordinateri?

FotoBagira
GB 40 tu. Rafiki anaweza kuniazima diski ya nje yenye nafasi kubwa.

Fundi_Nguba
Azima hiyo diski. Usisome kadi tena na tena. Chukua sura yake mara moja, yaani nakala ya kadi baiti kwa baiti ndani ya faili moja, kisha kazi yote ifanyike kwenye sura. Utachukua GB 32 badala ya 16, na sababu ni hii: kuna foto au video moja ilianza kuandikwa kabla ya mpaka wa GB 16 na ikamalizikia baada yake. Ukichukua 16 tu, utaikata katikati. Ukichukua 32, mkia wake unaonekana mahali pake, kwa sababu kadi inakurudishia mwanzo kama mwendelezo.

Diski ya nje ikiwa imeunganishwa kwenye /mnt:

```
ddrescue -d -s 32Gi /dev/sdb /mnt/kadi.img /mnt/kadi.map
photorec /d /mnt/foto /mnt/kadi.img
```

Hiyo faili ya `kadi.map` usiifute. Umeme ukikatika, rudia amri ile ile ya kwanza, ddrescue itaisoma na kuendelea pale ilipoachia. Kwenye PhotoRec chagua kutafuta eneo zima, si sehemu tupu tu. Itaweka matokeo kwenye folda za foto.1, foto.2 na kuendelea, kila moja faili 500. Majina yatakuwa namba tu, lakini foto ikiwa nzima, saa iliyopigwa iko ndani yake, unaweza kuzipanga kwa hiyo.

Utaona foto nyingi mara mbili mbili, kwa sababu GB 32 hizo ni GB 16 zilizosomwa mara mbili. Usistuke. Hii pia ni alama nzuri kwa mtu asiyejua hizo amri: ukiokoa kadi nzima na kila foto ikajitokeza mara nne au mara nane, kadi yako ni ya uongo wa aina hii.

Lushi_Katuba
Niko Lubumbashi. Hapa huwa wanasema kuna maabara Ulaya na Afrika Kusini wanafungua kadi yenyewe na kusoma chipu moja kwa moja. Foto za asubuhi si zinaweza kutoka huko? Afadhali familia ilipe kuliko kukosa.

Fundi_Nguba
Maabara hizo zipo na kazi yao ni ya kweli. Maikro SD ni kipande kimoja, wanakwangua rangi ya nyuma mpaka wafikie vituo vidogo vya shaba, wanaunganisha nyaya, wanasoma chipu bila kupitia kontrola. Inagharimu dola mamia. Lakini hiyo ni dawa ya kadi ambayo kontrola imekufa na data bado imo. Hapa kontrola inasoma vizuri. Foto za asubuhi hazikufichwa, foto nyingine zimeandikwa juu yake. Singependa familia ilipe pesa hiyo.

Lushi_Katuba
Nakubali kwa sehemu kubwa. Nimewahi kusikia kontrola wakati mwingine inaandika kwenye kipande kipya na kile cha zamani kinabaki kwa muda kabla ya kufutwa. Kama ni hivyo, huenda mabaki yapo.

Fundi_Nguba
Hapo huna kosa, kontrola za flashi hufanya kazi hivyo. Kwa kadi iliyojaa na kuandikwa mfululizo, vipande vya akiba ni vichache, kwa hiyo nisingetegemea dote nzima ya asubuhi. Mwenye uwezo wa kulipa kwa matumaini hayo aamue mwenyewe.

FotoBagira
Imekwisha. Kusoma kulichukua karibu saa moja, umeme ulikatika katikati na kweli iliendelea pale pale. Nimepata foto nyingi, mara mbili mbili kama ulivyosema. Baada ya kuondoa zinazorudiwa: kuanzia saa tano na nusu hivi za mchana mpaka usiku zipo. Familia ya kijana kufika, salamu, wazee kuongea mwanzoni, hakuna hata moja. Foto kadhaa za alasiri zina ukanda wa kijivu chini, au nusu ni rangi za ajabu. Video za katikati zinacheza. Ile ya keki haifunguki kabisa, ingawa ni faili kubwa.

Fundi_Nguba
Ukanda wa kijivu umeelezeka. Baada ya kuvuka mpaka, kamera iliendelea kuhuisha orodha ya faili mahali pake pa kawaida, mwanzoni mwa kadi, na pale pale ndipo foto zako za wakati huo zilipokuwa zimewekwa. Kwa hiyo zilizoharibika ni zile za dakika za kwanza baada ya GB 16 kuisha. Angalia saa zake, utaona zimekaribiana. Kama kamera iliweka foto ndogo ya kuonyesha ndani ya faili, sehemu hiyo inaweza kuwa nzima, lakini ni ndogo sana kwa kuchapa.

Kwa asubuhi, njia iliyobaki haiko kwenye kadi. Watu walipiga na simu zao.

Mama_Furaha
Asante fundi, kwa waya imefanya. Foto zote za watoto nimezikopi. Ila shemeji yangu alirudisha simu yake kwenye hali ya kiwandani mwezi uliopita, na kadi yake inaomba kufomati vile vile. Huyo je?

Fundi_Nguba
Kama ilikuwa kadi ya namna ile ile, mama, ufunguo umeondoka na simu. Kwanza athibitishe: aiweke kadi kwenye kompyuta, aangalie kwenye orodha ya diski kama ina vipande viwili, kimoja kidogo cha kama megabaiti 16 na kingine kikubwa. Kikiwa hivyo, hakuna la kuokoa. Ikiwa kipande ni kimoja tu, basi ni ugonjwa mwingine na anaweza kujaribu kama hapa juu.

Dada_Zawadi
Na yule muuzaji? Arudishe pesa, si hivyo? Anajua anachouza.

Butiki_Kadutu
Wengine wanajua, wengine hawajui. Mzigo unafika kwenye pakiti zilizofungwa, zenye jina kubwa na hologramu, kwa bei inayokuvutia. Mimi sasa nachukua kadi moja kutoka kila mzigo na kuijaza na H2testw mpaka mwisho. Kwa kadi ya GB 128 inaweza kuchukua saa nyingi, naiacha usiku kama umeme upo. Mteja akirudi na kadi, naangalia nayo mbele yake. Lakini mteja akirudi baada ya miezi mitatu akisema kadi ni ya uongo, nitajuaje ni ile niliyouza?

Fundi_Nguba
Kuijaza yote ndiyo kipimo cha kuaminika, kwa sababu kukopi filamu moja hakuonyeshi kitu: GB 16 za kwanza za kadi hii zilikuwa nzuri kabisa. Aina nyingine za uongo hazizunguki, zinatupa tu kinachozidi. Hizo ni mbaya zaidi kwa namna yake, kwa sababu majina ya faili yanaonekana yote na ukubwa wake, ukifungua unakuta weupe, na hakuna chochote cha kuokoa. Kwa ile inayozunguka, H2testw au f3 ikijaza, wakati mwingine kadi inaomba kufomatiwa kabla kipimo hakijaisha. Hilo nalo ni jibu.

FotoBagira, ukishahakikisha foto zote ziko mahali pawili, na hapo tu, unaweza kupata jibu la haraka kwa amri hii. Inafuta kadi:

```
f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb
```

Itakuandikia ukubwa uliotangazwa na ukubwa unaotumika. Nenda na karatasi hiyo kwa muuzaji.

Kijana_wa_Birere
f3 ina `f3fix`, inaikata kadi ibaki na GB 16 za kweli. Aendelee kuitumia, kwa nini atupe?

Butiki_Kadutu
Kwa muziki kwenye gari, sawa. Kwa dote ya watu, hapana.

Kijana_wa_Birere
Kama GB 16 ni nzima ni nzima. Kitu kimepimwa.

Fundi_Nguba
Kimepimwa leo. Chipu zinazoingizwa humo mara nyingi ni zile zilizokataliwa kiwandani au zilizotumika. Na kamera ikiifomati, inaweza kuurudisha ukubwa wa uongo, kwa sababu kontrola bado inasema 128. Mimi nisingeiweka kwenye kamera.

FotoBagira
Nimeelewa. Dada wa binti amekubali kukusanya video za asubuhi kutoka simu za wageni, tayari ametuma kadhaa. Kilichobaki ni video ya keki. Mama yake anaililia hiyo kuliko zote.

Fundi_Nguba
Faili ya video ya kamera nyingi inaandika picha kwanza, na faharisi yake mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Betri ilipoisha, faharisi haikuandikwa. Picha huenda zimo, ila kichezaji hakijui pa kuanzia. Kuna programu inaitwa untrunc, inajenga faharisi kwa kuangalia video nyingine nzima:

```
untrunc nzima.mp4 keki.mp4
```

Video nzima lazima iwe ya kamera ile ile, kwa mpangilio ule ule wa ukubwa na kasi. Chagua moja ya siku ile ile. Na kwa kuwa PhotoRec haikuona mwisho wa faili ya keki, huenda imebeba na takataka mkiani, kwa hiyo sekunde za mwisho usizitegemee. Ukikwama niambie kamera ilikuwa inaandika kwa mpangilio gani.

FotoBagira
Nilipiga keki kwa fremu 50, zile nyingine za mchana kwa 25. Haina budi nitafute moja ya 50?

Fundi_Nguba
Ndiyo, ya 50. Kama huna ya siku hiyo, weka kadi nzuri kwenye kamera, piga dakika moja kwa mpangilio ule ule, uitumie hiyo.